Nina dola 2,000 na dalali ananikopesha nyingine 2,000 za kununulia hisa: hatari iko wapi hasa?

MwanaKatuba (Lubumbashi)

Ndugu zangu, nawasalimu wote. Nafanya kazi katika kampuni ndogo inayohudumia migodi ya upande wa Kolwezi, na kwa muda nimekuwa nikiweka akiba hadi nikafikisha dola 2,000. Kwa kuwa nchi yetu haina soko la hisa, nilifungua akaunti kwa dalali wa nje kupitia simu, nikiwa na nia ya kununua hisa za kampuni zinazochimba shaba, maana shaba ndiyo kitu ninachokiona kila siku na ninachoamini kwamba ninakielewa kidogo.

Fedha zangu zilipoingia, skrini iliandika `Cash: 2,000.00` na chini yake ikaandika `Buying Power: 4,000.00`. Nilipowauliza, walinijibu kwamba dola 2,000 za ziada ni mkopo wao, hauhitaji mdhamini wala karatasi yoyote, na hauna tarehe ya kurudishwa. Nalipa riba tu, tuseme asilimia 10 kwa mwaka. Kwa hesabu yangu, hisa zikipanda kwa asilimia 20 napata dola 800 badala ya 400, na riba ya mwaka mzima ni dola 200, kwa hiyo bado nimefaidi. Zikishuka, nasubiri zipande tena. Mke wangu ana wasiwasi, lakini hawezi kunieleza wasiwasi wake unatoka wapi, na mimi siwezi kumjibu. Naomba mnieleze bila kunificha.

Kasapard

Kaka, mimi niko chuoni Unilu, nasoma uchumi, na nadhani watu wanaogopa mkopo kupita kiasi. Mkopo unazidisha faida mara mbili na unazidisha hasara mara mbili, basi, hakuna uchawi ndani yake. Hisa zikishuka kwa asilimia 10, wewe umepoteza asilimia 20 ya fedha yako. Zikirudi pale zilipokuwa, nawe umerudi pale ulipokuwa. Jambo la msingi ni kuchagua kampuni ambayo haitafilisika na kuwa na subira. Nenda kaangalie Glencore, ambao ndio wenye mgodi wa KCC pale Kolwezi: mwaka 2015 hisa yao ilianguka vibaya kule London, na kabla mwaka 2016 haujaisha ilikuwa imepanda mara kadhaa. Aliyesubiri alicheka.

MamaWaIbanda (Bukavu)

Samahani wanangu, mimi nina hisa katika ushirika wetu wa akiba na mikopo hapa Bukavu tangu zamani, na sijawahi kuona bei yake ikishuka. Niliingia kwa hisa zangu, nikakopa juu yake, nikarudisha kidogo kidogo hadi nikamaliza, na hisa zangu ziko palepale. Kwa hiyo sielewi hii habari ya hisa kupanda na kushuka. Kijana anunue hisa katika ushirika, akope, afanye biashara.

Mhasibu_Golf (Lubumbashi)

Mama, heshima kwako. Hisa zako ni za uanachama: ushirika uliziuza kwako kwa bei ambayo ushirika wenyewe uliiweka, na siku ukitoka unarudishiwa kwa bei hiyohiyo. Hazipelekwi sokoni kila asubuhi ili watu wasiokujua wazipigie bei. Zaidi ya hapo, ulipokopa, ushirika uliangalia kama unarudisha kila mwezi, wala haukuangalia kama hisa zako zina thamani gani leo saa nne. Ndugu MwanaKatuba anapewa mkopo wa namna nyingine kabisa, na tofauti hiyo ndiyo inayomhusu.

Kasapard, maneno yako ya kwanza ni ya kweli na ya mwisho si ya kweli, na hapo katikati ndipo wanaoanza wanapomalizwa. Ni kweli kwamba mkopo unazidisha hasara mara mbili. Si kweli kwamba hisa zikirudi pale zilipokuwa naye amerudi pale alipokuwa. Hilo lingekuwa kweli kama dalali angemwachia asubiri, na mkataba wa akaunti ya namna hii unasema wazi kwamba hataachiwa.

Niruhusuni nifanye hesabu polepole, kwa sababu nimefanya kazi ya vitabu vya hesabu miaka mingi na nimeona kwamba jambo hili halieleweki kwa maneno matupu.

Tuseme hisa moja ni dola 10. Ndugu yetu anaweka dola 2,000 zake, anakopa 2,000, ananunua hisa 400 zenye thamani ya dola 4,000. Ana rafiki yake ambaye naye ana dola 2,000, lakini hakopi, ananunua hisa 200 tu. Sikuchagua dola 2,000 ovyo: kwa kanuni za Marekani, mwenye akaunti iliyo chini ya kiasi hicho dalali haruhusiwi kumkopesha kwa ajili ya hisa, na kwa wengi ndiyo siku ile wanapofika hapo wanapokuta mlango wa mkopo umefunguliwa bila wao kuomba.

Mkopo huo una sharti moja. Thamani ya hisa zako, ukiondoa deni, ndiyo fedha yako halisi, na fedha hiyo haitakiwi kushuka chini ya sehemu fulani ya thamani yote. Kanuni ya chini kabisa kule Marekani ni asilimia 25, ila madalali wengi wanadai zaidi, kwa hiyo tuchukue 30. Je, ni bei gani itakayomfikisha hapo? Fedha yake ikiwa asilimia 30, deni ndilo asilimia 70 zilizobaki, kwa hiyo gawanya deni kwa 0.7: dola 2,000 kwa 0.7 ni karibu dola 2,857, na kwa hisa 400 hiyo ni bei ya dola 7.14. Hisa ikishuka kutoka 10 hadi 7.14, yaani chini kidogo ya asilimia 29, dalali ana haki ya kumtaka aongeze fedha, na asipoongeza, dalali anauza hisa zake mwenyewe. Wengine wanatuma onyo na kungoja siku mbili tatu. Wengine hawangoji, na mkataba unawaruhusu wasingoje.

Sasa twende chini ngazi kwa ngazi, tukichukulia kwamba ndugu yetu hana fedha nyingine ya kuongeza.

Bei inafika dola 7. Hisa 400 zina thamani ya 2,800, deni ni 2,000, fedha yake ni 800, na hiyo haifiki asilimia 30. Dalali anauza hisa 20, anapata 140, anazipeleka kwenye deni. Zimebaki hisa 380 na deni la 1,860. Hapa bado mtu anaona ni jambo dogo.

Bei inafika dola 6. Hisa 380 zina thamani ya 2,280, ondoa deni, fedha yake ni 420. Ili 420 iwe asilimia 30, thamani yote inatakiwa isizidi 1,400, kwa hiyo dalali anauza hisa 147 kwa mara moja. Zimebaki 233, na deni ni 978.

Bei inafika dola 5. Fedha yake ni 187. Dalali anauza hisa 109 nyingine. Zimebaki 124, na deni ni 433.

Rafiki yake asiyekopa, siku hiyo hiyo ya dola 5, ana hisa zake 200 zenye thamani ya dola 1,000. Amepoteza nusu, hana furaha, lakini hakuna aliyempigia simu.

Halafu tuseme Kasapard ana haki na kampuni ni nzuri, na baada ya mwaka bei inarudi dola 10 kamili. Rafiki ana hisa 200, yaani dola 2,000, kama alivyoanza. Ndugu yetu ana hisa 124, yaani dola 1,240, ondoa deni la 433: amebaki na dola 807, kabla hata hatujatoa riba ya mwaka. Hisa imerudi ilipokuwa, kampuni haikufilisika, aliyekuwa na wazo la kununua alikuwa na wazo sahihi, na bado zaidi ya nusu ya akiba yake haipo. Hakuna mtu aliyemwibia. Hisa 276 ziliuzwa kwa niaba yake kwa dola 7, kwa 6 na kwa 5, na hisa zilizokwisha kuuzwa hazipandi tena pamoja na bei.

Kasapard

Mzee, nimeirudia hesabu yako kwenye karatasi na nimeikuta ni sahihi. Lakini umechagua mfano unaokufaa. Kampuni kubwa inashukaje kwa nusu? Hicho ni kitu cha nadra sana.

Mhasibu_Golf

Wewe mwenyewe ndiye uliyeleta Glencore, basi tubaki na Glencore.

Katikati ya Septemba 2015 kampuni hiyo iliuza hisa mpya kwa pensi 125 kila moja ili ipate dola bilioni 2.5 za kupunguza madeni yake. Walionunua hawakuwa watoto. Ni mashirika makubwa, na wakubwa wa kampuni yenyewe walichukua sehemu. Tarehe 28 Septemba, yaani chini ya wiki mbili baadaye, hisa ilianguka kwa asilimia 29 kwa siku moja na kufunga kwenye karibu pensi 69. Mtu aliyenunua kwa 125, nusu kwa fedha yake na nusu kwa mkopo, dola zake 4,000 zilikuwa zimebaki karibu 2,200 dhidi ya deni la 2,000. Siku iliyofuata hisa ilipanda kwa karibu asilimia 17, na mwishoni mwa 2016 ilikuwa imepita pensi 250. Kwa hiyo ni kweli, Kasapard, aliyesubiri alicheka. Ila swali ni nani aliyeruhusiwa kusubiri. Mwenye mkopo ambaye dalali wake hakungoja, hisa zake ziliuzwa tarehe 28, na ile asilimia 17 ya kesho yake aliisoma kwenye habari.

Kuna jambo jingine ambalo wapya hawaliangalii. Sababu ya hofu ile haikuwa shaba peke yake. Kampuni yenyewe ilikuwa na deni la karibu dola bilioni 30, na wenye hisa walianza kujiuliza kama bei za madini zikibaki chini deni hilo litalipwaje. Kampuni yenye deni kubwa hisa yake huruka sana kuliko bei ya kitu inachokiuza, kupanda na kushuka. Kwa hiyo anayekopa ili anunue hisa ya kampuni iliyokopa anakuwa amepanda deni juu ya deni, na la chini hata halioni kwenye skrini yake.

Himbi24 (Goma)

Mimi naomba nieleze yaliyonipata, kwa sababu yanafanana lakini si sawasawa. Programu niliyotumia mimi kwenye simu (siitaji jina) iliandika `Leverage 1:5`. Niliweka dola 300, na ikanifungulia nafasi ya dola 1,500 kwenye hisa ya kampuni moja ya teknolojia ya Marekani. Jioni moja bei ikawa imeshuka kwa asilimia 7, kwa hiyo nilikuwa nimepoteza 105, nikaletewa onyo kwamba niongeze fedha. Wakati huo benki hapa Goma zilikuwa zimefungwa, kama mnavyojua, tangu Januari 2025. Ili kutuma fedha ilinipasa nivuke mpaka niende Gisenyi, na usiku mpaka umefungwa. Kampuni ikatangaza faida yake usiku uleule baada ya soko kufungwa, na soko lilipofunguliwa siku iliyofuata hisa ilianzia chini, jumla asilimia 12 chini ya bei yangu. Nafasi yangu ikafungwa yenyewe, nikarudishiwa dola 120. Kabla ya wiki kwisha bei ilikuwa imerudi juu ya pale niliponunua.

Swali langu ni hili: niliandika kwa kampuni yenyewe kuuliza kuhusu gawio, wakanijibu kwamba hawana jina langu popote. Je, hisa zangu zilikuwa wapi?

Mhasibu_Golf

Ndugu wa Goma, pole. Hukuwa na hisa. Ulikuwa na mkataba kati yako na ile programu, kwamba wakulipe tofauti ya bei ikipanda na wewe uwalipe ikishuka. Bei waliichukua kutoka kwa hisa ya kweli, lakini hakuna hisa iliyonunuliwa kwa jina lako. Kule Ulaya tangu mwaka 2018 mikataba ya namna hiyo imewekewa mpaka: kwa hisa za kampuni moja mtu wa kawaida hawezi kupewa zaidi ya mara tano ya fedha yake, nafasi hufungwa fedha yake inapofikia nusu ya dhamana iliyotakiwa, na hawezi kudaiwa zaidi ya alichoweka. Hesabu yako inaonyesha kwamba ndicho kilichotokea: nusu ya 300 ni 150, na ili ufike 150 kwenye nafasi ya 1,500, bei ilihitaji kushuka kwa asilimia 10 tu. Asilimia 10 kwa hisa ya teknolojia baada ya tangazo la faida ni jambo la kawaida kabisa. Lakini programu nyingi zinazowafikia watu wa huku zimesajiliwa mahali ambapo sheria hizo hazifiki, na nyingine zinatoa mara 20 au zaidi.

Kisa chako kinaonyesha pia kitu ambacho hesabu yangu ya ngazi haikukionyesha. Mimi nilishusha bei taratibu, 7, 6, 5, kama mtu anayeshuka ngazi. Soko lenyewe hufungwa usiku, na bei inaweza kulala kwenye moja na kuamka kwenye nyingine bila kupita katikati. Mfano wa ndugu MwanaKatuba: hisa 400, deni 2,000, bei inalala kwenye 7.50, hakuna onyo lolote, inaamka kwenye 4.50. Thamani ni 1,800. Dalali anauza zote na bado anadai dola 200. Katika akaunti ya mkopo wa kawaida, deni hilo ni lako, hata kama akaunti imebaki tupu.

Kasapard

Hapo nakubali kwamba dalali si mtu wa kumkopa. Lakini basi akope hapahapa. Achukue dola 2,000 kwenye taasisi ya mikopo midogo hapa Lubumbashi, alipe kwa mshahara, na hisa aziweke kwenye akaunti isiyo na mkopo. Hakuna atakayezigusa hata zikishuka kwa asilimia 80. Sijazungumzia zile fedha za mtaani wanazoziita Banki Lambert, ambazo kila mtu anajua mwisho wake. Nazungumzia mkopo wenye mkataba.

Mhasibu_Golf

Hiyo ni hoja nzuri zaidi ya zote ulizotoa, na kwa kweli inaondoa tatizo la dalali kuuza hisa zake kwa nguvu. Tuipime. Tuseme riba ni asilimia 3 kwa mwezi juu ya deni linalobaki, kwa miezi 12. Kwa dola 2,000, malipo ya kila mwezi yanakuwa karibu dola 201, na kwa mwaka mzima atakuwa amelipa kama dola 2,411. Zile 411 ni bei ya mkopo, na zinatoka hata kama hisa haikutikisika. Ili asipoteze, zile hisa za mkopo zinatakiwa zipande kwa zaidi ya asilimia 20 ndani ya mwaka mmoja. Kuna miaka ambayo hisa hupanda hivyo, lakini sijui mtu anayeweza kukuambia ni mwaka upi kabla haujaisha.

Halafu angalieni mshahara utakaolipa hizo dola 201 unatoka wapi. Ndugu yetu ameandika mwenyewe: kampuni yake inahudumia migodi. Mwezi uleule wa Septemba 2015 ambao hisa za Glencore zilianguka, kampuni hiyo ilitangaza kusimamisha uzalishaji wa KCC kwa miezi 18, pamoja na ule wa Mopani kule Zambia. Wengi wetu hapa tunakumbuka maana yake kwa wakandarasi wadogo: mikataba ilikatwa, magari yakaegeshwa, watu wakarudi nyumbani. Kwa mfanyakazi wa mgodini mwenye hisa za shaba alizozinunua kwa mkopo, bei ya shaba ikianguka, hisa zinashuka na mshahara unasimama kwa wakati mmoja, huku malipo ya dola 201 yakiendelea. Sasa hakuna dalali wa kumlazimisha auze, lakini atauza mwenyewe, mwezi kwa mwezi, ili alipe mkopo, na atauza kwa bei ya chini kama ile ngazi niliyoieleza. Anayemlazimisha amebadilika jina tu.

Kwa mtu anayelipwa na serikali au anayefundisha shule, hesabu hii ingekuwa nyepesi zaidi kidogo. Kwake yeye, naiona nzito kuliko hata ile ya dalali.

MwanaKatuba

Mzee, hilo la mshahara sikuwahi kuliwaza, na nakiri limenikaa. Mwaka 2015 nilikuwa bado shuleni, lakini kaka yangu mkubwa alikuwa Kolwezi na alirudi nyumbani wakati huo. Sikuwahi kuunganisha mambo hayo mawili.

Bado nina maswali mawili. La kwanza: nikiwa na dola 500 pembeni za kuongeza siku ya onyo, si nitakuwa nimejilinda? La pili: nikikopa kidogo tu?

Mhasibu_Golf

La kwanza. Bei ikiwa 7, fedha yako ni 800. Ukiongeza 500, deni linashuka hadi 1,500, na mpaka mpya wa onyo unakuwa bei ya dola 5.36. Umepata nafasi ya kupumua, hilo ni kweli. Lakini sasa una dola 2,500 ndani badala ya 2,000, na kwenye bei ya 5 hizo 500 nazo zinaanza kuliwa. Nimewaona watu wenye elimu wakituma fedha mara ya pili na ya tatu kwa sababu hawakutaka ya kwanza ipotee. Kama kiasi cha kuongeza hakijawekewa mwisho kabla ya siku hiyo, hakitawekewa siku hiyo yenyewe. Tena kisa cha ndugu wa Himbi kimetuonyesha kwamba kuwa na fedha na kuifikisha kwa dalali kwa wakati ni mambo mawili. Hapa Lubumbashi benki zinafanya kazi, lakini fedha inayotumwa nje ya nchi inaweza kuchukua siku kadhaa, na madalali wengi hawapokei fedha kutoka kwa akaunti ya mtu mwingine, hata awe mke wako.

La pili. Ukikopa dola 400 juu ya 2,000 zako, una hisa 240 na deni la 400. Gawanya 400 kwa 0.7, unapata 571, yaani thamani yote inabidi ianguke kwa karibu asilimia 76 ndipo uguswe. Siwezi kukudanganya kwamba hiyo ni hatari sawa na ile ya kwanza. Si sawa hata kidogo.

Kasapard

Asante, Mzee. Kwa hiyo tatizo si mkopo, ni kiasi cha mkopo. Ndicho nilichokuwa nikitafuta kukisema tangu mwanzo. Dola 400, riba 40 kwa mwaka, hakuna wa kumuuzia. Mimi ningefanya hivyo.

Mhasibu_Golf

Hukusema hivyo tangu mwanzo, lakini tuache. Ndiyo, kiasi ndicho kinachoamua. Ila tuangalie dola 400 zinamletea nini. Mwaka mzuri wa asilimia 20 zitampa 80, ondoa riba 40, amebaki na 40 za ziada. Mwaka wa kushuka kwa asilimia 20 amepoteza 80 na riba 40. Kwa ajili ya dola 40 anafungua akaunti yenye uwezo wa kumkopesha hadi 2,000, na uwezo huo utakuwa palepale kwenye skrini kila asubuhi, ukimngoja siku ambayo shaba imepanda na kila mtu kazini anaizungumzia. Hapo sina hesabu ya kukuonyesha; ni maoni yangu tu kwa yale niliyoyaona.

Kasapard

Basi hapo ni suala la nidhamu ya mtu, si la hisabati, na kila mtu anajijua. Sikubaliani nawe kwamba mtu mzima akatazwe kwa sababu huenda akashawishika.

MamaWaIbanda

Mwanangu Kasapard, mimi sikuelewa hesabu zote, lakini nimekuwa mweka hazina wa chama chetu. Tulikuwa na sheria kwamba anayetunza sanduku hatunzi ufunguo. Hatukumtuhumu mtu.

MwanaKatuba

Nimeelewa mengi, na la dola 400 nitalizungumza na mke wangu kwa hesabu mkononi, si kwa maneno tu. Kwa sasa nataka nianze na hisa 200 bila mkopo. Lakini nitajuaje kwamba akaunti yangu hainikopeshi bila mimi kujua? Nilisikia kuna watu wamenunua kwa mkopo bila kukusudia.

Himbi24

Hilo hutokea kwa urahisi sana. Ingia kwenye maelezo ya akaunti yako na utafute `Account Type`. Kama imeandikwa `Margin`, dalali anaweza kukukopesha. Kama imeandikwa `Cash`, hawezi. Alama ya pili ni mstari wa fedha: ukinunua ukaona `Cash: -350.00`, yaani kuna alama ya kutoa mbele, ujue hizo 350 si zako na riba imeanza kuhesabiwa. Mimi sasa kabla ya kununua naangalia `Cash` na sitazami kabisa `Buying Power`.

Mhasibu_Golf

Ni sahihi. Waandikie uwaombe wakubadilishie akaunti iwe `Cash`. Wengi wanakubali mradi huna deni. Ukishabadilishiwa, utakutana na jambo moja litakalokushangaza: ukiuza hisa leo, fedha yake haitakuwa yako kamili papo hapo. Kule Marekani tangu Mei 2024 inachukua siku moja ya kazi, na London ni siku mbili. Ukinunua kwa fedha ambayo haijakamilika kisha ukauza tena kabla haijafika, dalali anaweza kukuwekea vizuizi, hata kwa siku 90. Hilo si kosa la programu, kwa hiyo usirudi kuwaomba akaunti ya mkopo kwa sababu hiyo. Subiri tu fedha ifike, kisha ununue.